Mizunguko Elfu Kumi Kabla ya Kutaja Bei ya Zabuni

Mchanganuo wa gharama za ujenzi huorodhesha kazi moja baada ya nyingine, kila moja na bei yake, na chini kabisa huandikwa jumla. Mkandarasi akishaongeza faida yake juu ya jumla hiyo na kutia sahihi mkataba wa bei isiyobadilika, tofauti yoyote itakayotokea baadaye hutoka mfukoni mwake. Hata hivyo, hakuna bei hata moja katika orodha ile inayojulikana kwa hakika siku ya kuandika zabuni. Saruji inaweza kupanda, msingi unaweza kudai kwenda chini kuliko ilivyochorwa, lori linaweza kukwama. Jumla inayoandikwa ni moja, lakini jumla zinazowezekana ni nyingi.

Ipo njia ya kuziona jumla hizo zote pamoja. Badala ya kuipa kila kazi bei moja, mkandarasi huipa masafa: bei ya chini kabisa, bei inayoelekea zaidi, na bei ya juu kabisa. Kisha kompyuta huchagua kwa kubahatisha bei moja ndani ya masafa ya kila kazi, huzijumlisha, na kuiweka jumla hiyo kando. Zoezi hurudiwa mara elfu nyingi. Mwishowe mkandarasi hupata orodha ndefu ya jumla, na anaweza kuuliza swali ambalo mchanganuo wa kawaida hauwezi kulijibu: kiasi fulani cha fedha kingetosha katika mizunguko mingapi kati ya yote?

Njia hiyo huitwa uigaji wa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa Monaco wenye kasino maarufu. Ilizaliwa mbali na ujenzi. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya ugonjwa, alicheza karata peke yake na kujiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Hesabu ya moja kwa moja ilikuwa ngumu mno, akaona ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Yeye na John von Neumann walilitumia wazo hilo katika maabara ya Los Alamos kufuatilia mwendo wa chembe za nyutroni. Mwenzao Nicholas Metropolis ndiye aliyependekeza jina, na mwaka 1949 Metropolis na Ulam walichapisha makala iliyoitambulisha njia hiyo kwa wanasayansi wengine. Mwaka 1964 David Hertz aliwaeleza wasomaji wa jarida la biashara la Harvard namna ya kuitumia katika kupima hatari za uwekezaji. Tangu hapo ikaenea kwa wakadiriaji wa gharama za miradi.

Mfano: jengo la madarasa

Chukua mfano wa kubuni. Mkandarasi mdogo wa Tanzania anataka kuomba kazi ya kujenga jengo la madarasa ya shule kijijini, kwa bei isiyobadilika. Amegawa kazi katika mafungu manane. Kodi ya ongezeko la thamani na faida yake bado hazimo. Viwango vyote ni kwa milioni za shilingi.

| Fungu | Chini | Inayoelekea | Juu |
|---|---|---|---|
| Msingi | 28 | 34 | 58 |
| Kuta | 38 | 42 | 52 |
| Lenta na nguzo za zege | 18 | 22 | 32 |
| Paa: mbao na mabati | 30 | 35 | 49 |
| Milango na madirisha | 14 | 16 | 21 |
| Plasta, sakafu na rangi | 24 | 28 | 38 |
| Usafiri wa vifaa | 9 | 11 | 22 |
| Usimamizi, ulinzi na maji | 10 | 12 | 17 |
| Jumla | 171 | 200 | 289 |

Bei inayoelekea ni ile ambayo mkandarasi angeitaja kama angeulizwa mara moja bila kupewa muda wa kufikiri. Kwa mchanganuo wa kawaida, basi, kazi hii ni ya milioni 200. Lakini safu ya mwisho ina jambo la kutazamwa. Katika kila fungu, umbali kutoka bei inayoelekea hadi ya juu ni mkubwa kuliko umbali hadi ya chini. Msingi unaweza kupungua kwa milioni 6 tu, lakini unaweza kuongezeka kwa milioni 24. Hali ya kazi za ujenzi ndivyo ilivyo. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi kuna mahali itakomea, kwa sababu hakuna muuzaji anayegawa saruji bure. Upande wa juu hauna kizuizi kama hicho.

Namna ya kubahatisha bei moja

Bei tatu hazitoshi kwa kompyuta mpaka ielezwe namna uwezekano ulivyosambaa kati yake. Umbo linalotumika sana ni mtawanyo wa pembetatu. Uwezekano huanzia sifuri kwenye bei ya chini, hupanda hadi kilele kwenye bei inayoelekea, kisha hushuka tena hadi sifuri kwenye bei ya juu. Umbo hilo halidai chochote zaidi ya zile bei tatu, na ndiyo sababu wakadiriaji wanalipenda.

Lahajedwali ya kawaida inatosha kwa kazi hii. Kila mstari unakuwa mzunguko mmoja, na kila fungu linapewa safu mbili: moja ya namba nasibu, nyingine ya bei inayotokana nayo. Tuseme bei tatu za msingi zimeandikwa katika seli `C1`, `C2` na `C3`, kuanzia ya chini hadi ya juu. Mzunguko wa kwanza ukianzia mstari wa tano, namba nasibu huwekwa `B5` na bei huwekwa `C5`:

```
B5:  =RAND()
C5:  =IF(B5<(C$2-C$1)/(C$3-C$1),
      C$1+SQRT(B5*(C$3-C$1)*(C$2-C$1)),
      C$3-SQRT((1-B5)*(C$3-C$1)*(C$3-C$2)))
```

`RAND()` hutoa namba yoyote kati ya 0 na 1, na fomula ya pili huigeuza kuwa bei. Ikitoka 0.05, msingi wa mzunguko huo unagharimu milioni 31. Ikitoka 0.80, unagharimu milioni 46. Namba nasibu lazima ikae katika seli yake yenyewe. Anayeandika `RAND()` moja kwa moja ndani ya fomula ya bei huishia kuiandika mara tatu, na kila mara lahajedwali humpa namba tofauti. Bei itaonekana bado iko ndani ya masafa, lakini mtawanyo wake hautakuwa tena ule wa pembetatu. Kosa hilo halileti onyo lolote kwenye skrini. Linabainika tu mtu anapolinganisha wastani wa safu nzima na wastani unaotakiwa, ambao kwa mtawanyo wa pembetatu ni bei tatu zikijumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Kwa msingi, wastani huo ni milioni 40.

Safu hizo zikirudiwa kwa mafungu yote manane, jumla ya mzunguko huwekwa mwishoni mwa mstari, tuseme katika safu ya `R`. Mstari huo ukinakiliwa kuelekea chini hadi wa 10004, mkandarasi ana mizunguko 10,000.

Kuzisoma persentaili

Orodha ya jumla 10,000 haisomeki ikiwa mbichi. Hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha zinachukuliwa alama chache ndani yake. Alama hizo ni persentaili. Persentaili ya 80, ambayo wakadiriaji huiandika P80, ni kiasi ambacho mizunguko 80 katika kila 100 haikukivuka. P50 ndiyo ya katikati: nusu ya mizunguko iko chini yake na nusu juu yake. Lahajedwali huitoa kwa fomula moja:

```
=PERCENTILE(R5:R10004, 0.8)
```

Kwa jengo la madarasa, endapo kila fungu linabahatishwa bila kuyajali mengine, P10 ni karibu milioni 208, P50 ni karibu 220, P80 ni 228 na P90 ni 233. Hesabu ya kawaida iliyosema milioni 200 imeachwa nyuma hata ya P10. Mizunguko ambayo milioni 200 zilitosha ni mmoja au miwili tu katika kila 100.

Matokeo hayo humshangaza mkandarasi anayeyaona kwa mara ya kwanza, kwa maana kila bei aliyoijumlisha ilikuwa ndiyo inayoelekea zaidi. Chanzo chake ni ule mwelemeo wa masafa. Kila fungu likiwa na nafasi kubwa ya kupanda kuliko ya kushuka, wastani wake huwa juu ya bei inayoelekea. Wastani wa mafungu yote manane ukijumlishwa ni milioni 220. Ili jengo limalizike kwa milioni 200, mafungu karibu yote yangelazimika kuwa na bahati kwa pamoja, na jambo hilo hutokea kwa nadra. Hata mazoea ya kuongeza asilimia 10 kwa ajili ya dharura hayaendi mbali katika mfano huu. Yanaifikisha bei kwenye milioni 220, kiasi kinachotosha katika nusu tu ya mizunguko.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Baadhi ya wakadiriaji, wakitaka usalama, huchukua P80 ya kila fungu na kuzijumlisha. Kwa mfano huu wangepata milioni 243, na kuiita P80 ya mradi. Si kweli. Katika mizunguko hii, milioni 243 ni kiasi kinachotosha karibu mara 99 katika kila 100, kwa kuwa mafungu yote hayapandi siku moja. Paa likiwa ghali, huenda milango ikawa nafuu. Mkandarasi huyo angejiona mwangalifu wa kadiri, kumbe ametaja bei ya kumnyima kazi. Persentaili za mafungu hazijumlishwi. Kinachojumlishwa ni bei za mzunguko mmoja, na persentaili huchukuliwa baadaye.

Mafungu yanapopanda pamoja

Hesabu iliyotangulia ina dhana moja isiyosemwa: kwamba mafungu hayajuani. Hapo ndipo uigaji mwingi hukosea. Dizeli ikipanda, usafiri wa vifaa hupanda, na pamoja nao bei ya mchanga na kokoto zinazobebwa kwa lori. Saruji ikipanda, inagusa msingi, kuta, lenta, plasta na sakafu kwa mara moja. Kazi ikichelewa, msimamizi na mlinzi hulipwa miezi zaidi. Mafungu yanayobahatishwa kila moja kivyake hufidiana: moja likipanda, jingine hushuka. Mafungu yanayosukumwa na chanzo kimoja hayana fidia hiyo.

Njia rahisi ya kuingiza uhusiano huo ni kuupa kila mzunguko namba moja ya pamoja, inayowakilisha hali ya soko la siku hizo. Namba hiyo huchanganywa na namba ya kila fungu peke yake. Ikiwa namba ya pamoja imewekwa katika `A5`, fomula za mwanzo hubadilika hivi:

```
A5:  =NORM.S.INV(RAND())
B5:  =NORM.S.DIST(SQRT(0.4)*$A5
      +SQRT(0.6)*NORM.S.INV(RAND()), TRUE)
```

Hapa 0.4 ni kiwango cha uhusiano kati ya jozi yoyote ya mafungu. Sifuri ingemaanisha kwamba hayahusiani kabisa, na 1 ingemaanisha kwamba yanapanda na kushuka sambamba. Fomula ya bei haiguswi. Masafa ya kila fungu hayabadiliki, wala wastani wa jumla, ambao hubaki milioni 220. Kinachobadilika ni upana. P10 hushuka hadi karibu milioni 198, P50 hubaki karibu 219, P80 hupanda hadi 235 na P90 hadi 243. Mkandarasi aliyesahau uhusiano angeiamini P90 ya milioni 233, ilhali kiasi hicho hakifiki hata P80 halisi.

Kutumia kiwango kimoja kwa jozi zote ni kurahisisha mambo. Udongo wa kiwanja haujui bei ya dizeli, ingawa msingi unaochimbwa humo unakula saruji, nondo na dizeli vilevile. Mkadiriaji mwenye muda anaweza kutumia namba mbili au tatu za pamoja, moja ya saruji, moja ya mafuta na moja ya ucheleweshaji, kisha akaunganisha kila fungu na vyanzo vinavyoligusa. Asiye na muda huo afadhali aweke kiwango cha kati kuliko kuacha sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni makadirio, na kwa kawaida ndiyo makadirio yaliyo mbali zaidi na ukweli.

Tukio linaloweza kuwapo au kutokuwapo

Hatari nyingine hazifai kuwekwa katika masafa. Tuseme barabara ya kwenda kijijini hukatika baadhi ya miaka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kwa kumbukumbu za wenyeji, hutokea takriban mwaka mmoja katika kila minne. Ikikatika, vifaa vitapitishwa njia ndefu na mafundi watakaa bila kazi, na hasara itakuwa kati ya milioni 8 na 16. Isipokatika, hasara ni sifuri.

Mkandarasi anaweza kushawishika kuweka robo ya milioni 12, yaani milioni 3, kama fungu la tisa. Kwa wastani amepatia, lakini milioni 3 ni hasara ambayo haitatokea kamwe. Mwaka mmoja ni sifuri, mwaka mwingine ni 8 au zaidi. Katika uigaji, tukio kama hilo hupewa namba nasibu mbili. Ya kwanza huamua kama barabara imekatika: ikiwa chini ya 0.25, imekatika. Ya pili hutumika tu ikiwa imekatika, nayo huamua ukubwa wa hasara. Tukio hili likiongezwa kwenye mfano, P50 hufika karibu milioni 222, P80 karibu 238 na P90 karibu 247.

Taarifa inayomfikia mkandarasi

Taarifa nzuri ya uigaji hukaa katika ukurasa mmoja. Hutaja P50, P80 na P90, huonyesha mahali jumla ya kawaida ya milioni 200 inapoangukia, na hueleza dhana zilizotumika. Hutaja pia kinachotokea juu ya persentaili iliyochaguliwa. P80 ya milioni 238 haisemi lolote kuhusu ukubwa wa maumivu katika ile mizunguko 2,000 iliyoivuka. Katika mfano huu, wastani wa jumla za mizunguko hiyo ni karibu milioni 250. Mkandarasi akitenga milioni 238 na mambo yakaharibika, ajiandae kwa pengo la takriban milioni 12, na katika mizunguko michache pengo ni kubwa zaidi.

Uigaji haumchagulii persentaili. Kampuni yenye miradi mingi kwa wakati mmoja inaweza kuvumilia P60, kwa kuwa hasara ya mradi mmoja hufidiwa na ziada ya mwingine, mradi miradi yote isiathiriwe na bei ileile ya saruji. Kampuni ndogo inayojenga jengo moja kwa mkopo wa benki haina fidia hiyo, na P80 au P90 inaifaa zaidi. Masharti ya mkataba nayo yana uzito. Mkataba ukiwa na kifungu cha kurekebisha bei za vifaa zinapopanda, sehemu ya hatari humhamia mwenye mradi, na masafa ya mafungu yanayohusika hupunguzwa kabla ya kuiga. Kuyaacha yalivyo ni kuihesabu hatari moja mara mbili.

Ushindani una mtego wake. Zabuni inapotolewa kwa mwenye bei ya chini, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekadiria chini kuliko wenzake, na huenda alikadiria chini kwa kukosea. Mwenye orodha ya persentaili anaweza kupunguza bei akijua anachokiacha. Kushuka kutoka milioni 238 hadi 222 katika mfano huu ni kutoka kwenye hatari ya hasara mara 20 katika 100 hadi mara 50 katika 100, kabla ya faida kuhesabiwa. Mpaka huo ukifikiwa, anaweza kuamua kwamba kazi hiyo imfae mwingine.

Matumizi mengine ya taarifa ni kuonyesha fungu linalobeba sehemu kubwa ya wasiwasi. Katika mfano huu ni msingi. Thamani yake ni karibu moja ya sita tu ya milioni 200, lakini mafungu yakibahatishwa kila moja kivyake, msingi unachangia zaidi ya asilimia 40 ya mtawanyo wa jumla. Sababu yake ni udongo. Kiwanja kikiwa na udongo wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, uchimbaji utakwenda chini zaidi na zege litaongezeka. Siku ya zabuni mkandarasi hajui kilichoko chini.

Hilo ni jambo linaloweza kuulizwa ardhi yenyewe. Mashimo machache ya majaribio yakichimbwa kabla ya kujaza zabuni na kuonyesha ardhi ngumu, masafa ya msingi yanaweza kupungua hadi, tuseme, 31, 35 na 42. Uigaji ukirudiwa kwa masafa hayo, P80 ya mradi hushuka kutoka milioni 238 hadi karibu 232. Mkandarasi amepunguza bei yake kwa milioni 6 bila kujiongezea hatari, kwa gharama ya vibarua wa siku moja au mbili. Mashimo yakionyesha udongo wa mbuga, P80 itapanda, na ni heri ipande kabla ya sahihi kuliko baada yake.

Mahali njia hii inapodanganya

Udhaifu mkubwa hauko katika kompyuta. Uko katika zile bei tatu. Watu, wataalamu wakiwamo, hutaja masafa finyu mno. Katika majaribio ya Marc Alpert na Howard Raiffa wa Chuo Kikuu cha Harvard, washiriki waliambiwa wataje mipaka mipana kiasi kwamba jibu sahihi lingetoka nje mara 2 tu katika 100. Majibu yalitoka nje karibu mara 40. Mkandarasi anayesema msingi hauwezi kuvuka milioni 58 huenda anakumbuka msingi mbaya kuliko yote aliyowahi kuchimba, ilhali upo mbaya zaidi ambao hajakutana nao.

Dawa yake ni kumbukumbu. Kampuni iliyotunza makadirio ya miradi yake ya nyuma pamoja na gharama zilizotokea inaweza kuhesabu ni mara ngapi fungu fulani lilivuka bei yake ya juu. Ikiwa limevuka mara tatu katika miradi kumi, bei ya juu inayotajwa si ya juu, na ipandishwe kabla ya uigaji unaofuata. Kipimo hichohicho hutumika kwa persentaili za mradi mzima. Ikiwa kampuni inatenga P80 kila mara na bado nusu ya miradi yake inaivuka, basi P80 hiyo ni ya jina tu. Pasipo kumbukumbu, ni heri kumuuliza fundi kwanza bei ya juu na ya chini, na bei inayoelekea mwishoni. Bei inayoelekea ikitajwa kwanza, mawazo huganda hapo na mipaka huvutwa karibu nayo.

Udhaifu wa pili ni mdogo na hupimika kwa urahisi. Namba nasibu hutofautiana kila uigaji unaporudiwa, kwa hiyo P80 nayo husogea kidogo. Kwa mizunguko 100, inaweza kupishana kwa milioni 2 au 3 kati ya jaribio na jaribio, na pengine zaidi. Kwa mizunguko 10,000 tofauti hushuka hadi chini ya nusu milioni mara nyingi. Katika Excel, kubonyeza `F9` huzibahatisha namba zote upya. P80 ikiruka kwa kiasi ambacho kingebadili uamuzi, mizunguko haijatosha. Ikitulia, kuongeza mizunguko hakusaidii tena, na muda uliobaki utumike kuhakiki masafa.

Udhaifu wa tatu ni kile ambacho hakimo kwenye orodha. Uigaji hubahatisha ndani ya mafungu yaliyoandikwa tu. Mwenye mradi akichelewesha malipo kwa miezi sita, riba ya mkopo itakua, lakini ikiwa riba haikupewa fungu, hakuna mzunguko hata mmoja kati ya ile 10,000 utakaoionyesha. Vivyo hivyo kwa mabadiliko ya michoro na migogoro ya kiwanja. Kwa hiyo P90 ya milioni 247 ina maana yenye mipaka: ni kiasi kinachotosha mara 90 katika 100 ikiwa mafungu ni haya, masafa ni haya, na uhusiano wao ni huu. Taarifa inayoziandika dhana hizo tatu kando ya namba humwezesha mkandarasi kujua ni lini hesabu ifanywe upya: fungu jipya linapojitokeza, muuzaji anapotoa bei iliyothibitishwa, au shimo la majaribio linapofika ardhi ngumu.